Uwanjani au mezani? Kulinganisha michezo miwili ya jozi, na karatasi mbili za mazoezi, kwa kufundisha namba shufwa na witiri

Mwalimu wa darasa la pili anayetaka kuwafundisha watoto wa miaka saba namba shufwa na namba witiri huwa na njia mbili za kuanzia ambazo zote hutumia jozi. Ya kwanza ni kuwatoa watoto uwanjani, wakashikana mikono wawili wawili, na yule asiyepata mwenzake akawa ndiye baki. Ya pili ni kuwaacha mezani au kwenye mkeka, kila wawili wakiwa na mbegu zao, wakazipanga mbili mbili katika safu. Nimezitumia zote mbili kwa miaka kadhaa hapa Lindi, katika madarasa yenye watoto wengi na yenye watoto wachache, na ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya mwalimu mwenzangu au mzazi ambaye ana kipindi kimoja au viwili tu vya nusu saa na anahitaji kuamua. Maoni yangu nayasema mapema: mwenye kipindi kimoja aende moja kwa moja kwenye mbegu, mwenye viwili aanze uwanjani kwa dakika kumi, asizidishe, kisha arudi kwenye mbegu.

Kabla ya michezo kuna suala la maneno yenyewe. Watoto wanaokwenda madrasa jioni mara nyingi wameshalisikia neno witiri, kwa sababu wamewaona wazazi wao wakimalizia swala ya Isha kwa witiri ya rakaa moja au tatu, na mwalimu anaweza kulitumia hilo vizuri: tatu ni mbili na moja isiyo na mwenzake. Kwa watoto wengine maneno yote mawili ni sauti tupu. Kwa hiyo mimi huyaacha kwanza, nikasema tu "imepata jozi zote" na "imebakiza mmoja", hadi watoto wenyewe waanze kutabiri. Mtoto aliyepewa jina kabla ya kitu hushika wimbo wa "mbili, nne, sita, nane" na kuuimba bila kosa, lakini ukimwekea kokoto kumi na moja mbele yake hajui wimbo huo unahusiana nazo vipi.

Mchezo wa uwanjani

Uzuri wa mchezo wa uwanjani ni kwamba mtoto analihisi jambo mwilini. Anapokosa mkono wa kushika haelezwi maana ya baki, anaijua. Unaeleweka haraka, hauhitaji kifaa chochote, na mtoto ambaye Kiswahili chake bado kinachanganyika na Kimakonde au Kimwera anashiriki sawa na wenzake bila kusubiri maelezo marefu.

Lakini una matatizo ambayo mwalimu hayaoni hadi ameshaingia ndani. La kwanza ni idadi. Ukilitoa darasa zima la watoto sitini na mmoja unapata namba moja tu, sitini na moja, ambayo ni kubwa mno kwa somo la kwanza, na baada ya kelele zote hizo watoto wameona mfano mmoja. Inafaa kuwagawa katika vikundi visivyozidi kumi na tatu, kila kikundi kikawa na namba yake, na baada ya kila raundi mwalimu akamhamisha mtoto mmoja kutoka kikundi kimoja kwenda kingine. Hapo ndipo somo lilipo: kikundi kilichokuwa na baki sasa hakina, na kile ambacho hakikuwa nalo sasa kinalo, kwa sababu ya mtoto mmoja tu aliyevuka.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na nitalieleza kwa mfano ulionitokea. Kikundi kimoja kilikuwa na watoto wanane, wavulana watano na wasichana watatu. Katika umri huu wengi wao hawataki kushika mkono wa mtoto wa jinsia nyingine mbele ya wenzao, na mwalimu asipotazama hupita bila kujua. Wavulana walifanya jozi mbili, akabaki mmoja. Wasichana wakafanya jozi moja, akabaki mmoja. Kikundi kizima kikapaza sauti kwamba nane imebakiza, na watoto waliokuwa wakitazama wakakubali, kwa kuwa waliona kwa macho yao watoto wawili wamesimama peke yao.

Nilikuwa karibu kuwalazimisha wale wawili washikane mikono, lakini badala yake niliuliza swali: "Waliobaki ni wangapi?" Wakajibu kwamba ni wawili. "Na wawili ni nini?" Kikapita kimya kifupi, kisha msichana mmoja akasema kwamba wawili ni jozi. Huo ndio ukweli unaotakiwa kushikwa, kwamba baki halali ni mmoja tu, na kwamba waliobaki wakiwa wawili kazi bado haijakwisha. Kosa lile lilizaa somo zuri kuliko lile nililokuwa nimelipanga. Hata hivyo sikuweza kulitegemea kwa vikundi vingine vinne vilivyokuwa upande wa pili wa uwanja, ambavyo huenda vilikosea vivyo hivyo bila mimi kuwepo.

Tatizo la tatu linahusu hisia za mtoto. Yule anayebaki raundi mbili mfululizo huanza kuamini kwamba hakuna anayemtaka, na wapo watoto wakubwa kidogo wanaowakwepa wenzao kwa makusudi. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kumpa aliyebaki heshima ya pekee: yeye ndiye anayeitaja namba ya kikundi kwa sauti na kuhamia kikundi kingine. Hapo kubaki kunakuwa zamu, na watoto huanza kuigombania. Bado, ikiwa darasani kuna mtoto anayetengwa na wenzake, au mwenye ulemavu unaomzuia kukimbilia mkono wa jirani, mimi siuchezi mchezo huu kabisa. Ninakwenda kwenye mbegu.

Mchezo wa mbegu

Kila watoto wawili hupewa mbegu ishirini. Mbegu za ukwaju zinafaa sana kwa kuwa ni ngumu, laini, hazibingiriki mbali na haziliwi. Vifuniko vya soda, kokoto na kete za bao zinafaa pia. Korosho ndizo zinazopatikana kirahisi zaidi huku kwetu wakati wa msimu, na kila mwaka kuna mwalimu anayezifikiria, lakini korosho ghafi yenye ganda ina mafuta yanayochoma ngozi na midomo, na mtoto wa miaka saba hukijaribu kitu kwa meno kabla ya kukihesabu. Korosho zilizobanguliwa na karanga nazo huleta hesabu isiyolingana mwishoni mwa kipindi.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtoto mmoja anachota mbegu kwa kiganja kimoja bila kuhesabu. Mwenzake anatabiri: imepata jozi zote, au imebakiza? Kisha wanazipanga pamoja katika safu mbili, mbegu moja juu na moja chini yake, jozi baada ya jozi, na mwishoni wanahesabu ni ngapi. Wanaandika namba upande mmoja wa daftari ikiwa haina baki, na upande wa pili ikiwa inalo. Baada ya raundi sita au saba kila daftari lina orodha mbili fupi, na orodha za darasa zima zikiunganishwa ubaoni watoto wanaona kwamba hakuna namba iliyoandikwa pande zote mbili. Ikitokea imo pande zote mbili, kuna aliyekosea, na darasa linaipanga upya pamoja.

Tofauti ya msingi kati ya mchezo huu na ule wa uwanjani ni kwamba mbegu zinaacha umbo. Watoto wakishaachana mikono uwanjani hakuna kilichobaki cha kutazama. Mbegu kumi na tatu zikishapangwa zinakaa pale, jozi sita na moja iliyojitokeza pembeni kama jino, na mwalimu anayepita kati ya meza anaona kazi ya kila mtoto kwa mtazamo mmoja. Umbo hilo ndilo mtoto atakalolichora baadaye kwenye karatasi, kwa hiyo hahitaji kujifunza lugha mpya anapotoka kwenye mchezo kwenda kwenye mazoezi.

Makosa ya mezani ni madogo kuliko ya uwanjani, lakini yapo. Linalojirudia zaidi ni nafasi kati ya mbegu. Mtoto anapanga mbegu tano juu akiziachanisha, na tano chini akizibananisha, kisha anasema kuna iliyobaki kwa sababu safu ya juu imeipita ya chini. Hakosei kuhesabu, anaamini urefu kuliko idadi, jambo la kawaida katika umri huo. Dawa yake ni kumwambia asipange safu ya juu yote kwanza, bali avute mbegu mbili kwa pamoja kwa vidole viwili, aziweke zikigusana, kisha avute mbili nyingine. Ukichora kwa chaki mstari wa visanduku mezani au sakafuni, kosa hili hukoma lenyewe.

Kosa la pili ni la mwalimu zaidi kuliko la mtoto, nalo ni kuchanganya kupanga jozi na kugawana. Nane inaweza kuonekana kama jozi nne, na inaweza kuonekana pia kama watu wawili waliopata nne kila mmoja. Majibu yanafanana, lakini matendo ni tofauti, na mtoto anayeambiwa yote mawili katika kipindi kimoja hajui atafute nini. Tena kugawana kuna mtego wake: ukiuliza kama mihogo saba inaweza kugawanywa sawa kwa watu wawili, mtoto mwenye akili atakuambia kwamba inawezekana, kila mmoja mitatu na nusu, na hutakuwa na la kumjibu. Mimi hukuacha kugawana hadi wiki nyingine.

Mtu atajuaje kwamba mtoto ameelewa na hapangi tu kwa mazoea? Mbegu zake kumi na tatu zikiwa mezani, zifunike kwa daftari na umuulize: "Nikiongeza moja, itakuwaje?" Anayetaka kufunua na kuanza kupanga upya kutoka mwanzo bado anahitaji raundi nyingine. Anayesema papo hapo kwamba ile iliyobaki imepata mwenzake ameshafika, na huyo anaweza kupewa swali la viganja viwili: wewe una saba, mwenzako ana tano, kila mmoja ana baki moja, mkiunganisha je? Ni jambo lile lile la wavulana watano na wasichana watatu, isipokuwa sasa linafanyika bila mtu kuumia.

Namba zenye tarakimu mbili

Mbegu ishirini zinatosha hadi ishirini. Zaidi ya hapo watoto huambiwa "tazama tarakimu ya mwisho", na hapa ndipo somo linapovunjika mara nyingi, kwa kuwa hawaambiwi sababu. Matokeo yake ni mtoto anayeitazama 36, akaona 3 kwanza, na kuandika witiri. Au anayeitazama 47 na kusema kwamba ni zote mbili, kwa kuwa nne ni shufwa na saba ni witiri.

Sababu inaonekana kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Chukua fungu moja, lifungue, lipange: jozi tano, hakuna baki. Chukua la pili: jozi tano, hakuna baki. Baada ya mafungu mawili au matatu watoto huanza kulalamika kwamba hakuna haja ya kufungua lingine, na malalamiko hayo ndiyo unayoyangoja. Kila fungu la kumi limeshajimaliza lenyewe, yawe mafungu matatu au tisa. Katika 36 mafungu matatu hayana baki hata moja, kwa hiyo tunaviangalia vile vijiti sita tu vilivyo nje, navyo ni jozi tatu. Katika 47 mafungu manne yamejimaliza, na vile saba vya nje vinabakiza kimoja. Mchezo wa uwanjani hauwezi kukufikisha hapa kwa namna yoyote, na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuupendelea wa mezani.

Karatasi ya mazoezi

Kwenye karatasi nako kuna njia mbili. Ya kwanza ni orodha ya namba tupu, na mtoto anaandika S au W mbele ya kila moja. Ni rahisi kuandaa na hukaguliwa kwa dakika chache. Ya pili ina picha na michoro kwanza, namba tupu mwishoni.

Orodha tupu ina udhaifu ambao hauonekani katika alama. Majibu ni mawili tu, hivyo anayebahatisha hupata karibu nusu. Katika maswali manane, kati ya watoto saba wanaobahatisha kabisa, mmoja hivi atapata sita au zaidi, na mwalimu atamwandikia "vizuri". Tena karatasi nyingi hufuata mpangilio wa 11, 12, 13, 14, ambapo mtoto huandika W, S, W, S hadi chini bila kuisoma namba hata moja. Nimewahi kuwapa watoto karatasi ya namna hiyo iliyotoka kwingine, wakapata zote, na siku iliyofuata wakashindwa kusema kama tisa ina baki.

Kwa hiyo mimi huandika ubaoni maswali manane, na watoto hunakili kwenye daftari la hesabu lenye visanduku, ambalo linafaa kuliko karatasi yenyewe kwa sababu visanduku vyake vinashika safu mbili bila rula. Maswali matatu ya kwanza ni vidoti vilivyotawanyika, 9, kisha 5, kisha 8, na mtoto anazungushia mstari viwili viwili na kukipaka rangi kinachobaki. Mawili yanayofuata yanamtaka achore mwenyewe safu mbili za 12 na za 7. Matatu ya mwisho ni namba tupu: 36, 50 na 47. Ukiyatazama majibu utaona ni W, W, S, S, W, S, S, W, mpangilio usiobashirika, na nusu yake ni ya kila aina.

Zile tatu za mwisho hazikuchaguliwa ovyo. Mtoto anayetazama tarakimu ya kwanza ataandika witiri, witiri, shufwa, yaani atakosa zote tatu. Anayebahatisha kwa kawaida hupatia angalau moja. Kwa hiyo ukiona daftari lenye michoro mitano sahihi na makosa matatu hapo chini, usimrudishe mtoto kwenye mbegu. Mrudishe kwenye mafungu ya kumi, kwa dakika tano tu. Kinyume chake, anayezipata zile tatu lakini amezungushia vidoti vitatu vitatu, au amechora 7 kama mstari mmoja mrefu, amekariri kanuni nyumbani au kwa kaka yake, na huyo ndiye anayehitaji mbegu ijapokuwa alama zake haziko chini sana. Orodha tupu isingekuonyesha tofauti kati ya hawa wawili.

Nani achague nini

Kwa darasa la watoto zaidi ya hamsini na mwalimu mmoja, ningechagua mbegu na daftari la visanduku, na kuuacha uwanja. Kwa darasa la watoto ishirini na tano hivi, uwanja ni mwanzo mzuri, vikundi vitatu tu, dakika kumi. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua ndiyo inayoamua, na mwalimu asiweke somo lote katika jambo linalohitaji uwanja mkavu.

Mzazi aliye nyumbani na mtoto mmoja hana watu wa kuwashikanisha mikono, lakini ana ndala mlangoni. Siku ya wageni, mtoto azipange ndala zote jozi jozi, kisha mzazi afiche moja na kumuuliza kilichotokea. Angalizo ni moja tu: ndala huja zikiwa jozi tayari, kwa hiyo mtoto anaweza kudhani kwamba baki ni kitu kilichopotea, na kwamba namba witiri ina kasoro. Ahamie kwenye kokoto mapema, ambazo hazina mwenza aliyepangiwa.

Kuna swali ambalo njia zote mbili hulizaa, kwa kawaida kutoka kwa mtoto mmoja aliyeutia mkono mfukoni na kuutoa mtupu: sifuri je? Uwanjani haliwezi kujibiwa, kwa kuwa hakuna mtu wa kumtazama. Mezani mwambie apange mbegu zake sifuri na akuonyeshe iliyobaki. Hakuna. Kisha mwonyeshe 10, 20 na 50 alizozifungua mwenyewe katika mafungu, zote zikiishia kwa sifuri nje ya fungu, na zote zikiwa hazikubakiza kitu. Ataiandika sifuri upande wa shufwa kwa mkono wake.